Kapu la sikukuu kwa wateja limenigeukia. Nalipunguzaje bila kugombana na watu?

MamaRimu (mleta mada), Jumatatu, saa 2:15 usiku

Wakuu, habari za jioni. Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Nina kiduka cha vifaa vya ofisi hapa Dar: rimu, tona, mafaili, kauntabuku. Wateja wangu wakubwa si wapita njia. Ni shule binafsi, zahanati na ofisi ndogo ndogo, na kila mahali kuna mtu mmoja ambaye ndiye ananipigia simu. Mhasibu, karani, matroni, wakati mwingine mwenye shule mwenyewe.

Desemba 2020, baada ya ule mwaka wa korona, watu sita kati ya hao walikuwa wamenilipa kwa wakati huku wengine wakinizungusha. Nikaona niwashukuru. Nikanunua mchele wa Kyela, kilo tano tano, nikapeleka mwenyewe. Elfu 60 yote, kwisha. Walifurahi mpaka mmoja akanipigia magoti ya utani pale ofisini. Nami nilirudi nyumbani moyo mweupe.

Mwaka uliofuata nikaongeza mafuta ya kula lita moja, na watu wakawa 11, maana mtu anasikia mwenzake kapewa. 2022 wakawa 19. Desemba iliyopita, 2023, walikuwa 24: mchele kilo tano, mafuta lita mbili, sukari kilo mbili. Kapu moja lilinisimamia 34,500, jumla 828,000, na ukiweka mifuko na bodaboda ya kusambaza ikafika 903,000. Desemba shule zimefungwa, faida yangu ya mwezi mzima haikufika milioni moja na laki mbili. Fanyeni wenyewe hiyo hesabu.

Lakini pesa siyo iliyonileta hapa. Yamenikuta mawili.

La kwanza, tarehe 31 Desemba jioni nafunga duka, bodaboda inasimama. Anashuka mhasibu wa shule moja ya huko Mbagala. Mkono mmoja kashika jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa pindo la kanga, mkono wa pili trei ya mayai aliyoipakata njia nzima. Mawili yamepasuka, suruali imelowa ute. Akaniambia, "Dada, mwaka wa tatu huu nakula cha kwako. Siwezi kukaa kimya." Nilijua kwamba walikuwa wanadai mishahara ya miezi miwili. Usiku nikajikuta napiga hesabu bila kutaka: jogoo elfu 25, mayai elfu 9. Kalipa kapu langu karibu shilingi kwa shilingi, na hela hiyo hakuwa nayo.

La pili ndilo limeniuma. Januari nikaweka maboksi 30 ya rimu nikisubiri oda ya muhula ya shule hiyo hiyo. Kimya. Nikipiga simu, "dada nipo kikaoni". Februari, kikaoni. Machi nikakutana naye uso kwa uso kwenye foleni ya benki, akainamisha kichwa. Kumbe shule ilishabadilisha mwuzaji tangu Novemba, mwenye shule ana shemeji anayeuza vifaa. Nikamuuliza kwa nini hukunambia? Akasema, "Nilishindwa, dada. Nimekula mchele wako."

Yaani kama nisingempa kitu, angenipigia simu Novemba ile ile.

Sasa Desemba nyingine hii inakuja, na juzi mtu mwingine kanitumia ujumbe: "Dada wa rimu usitusahau, mwaka jana mafuta yalikuwa madogo." Na kikatuni cha kucheka. Naomba wenye uzoefu: nafanyaje?

---

Chuma cha Pua, saa 2:31 usiku

Mkono mtupu haulambwi. Acha kutoa uone hao 24 watakavyokukimbia mmoja mmoja. Hiyo laki tisa ihesabu kama gharama ya matangazo, ulale. Wala asikutishe mtu hapa na habari za rushwa, takrima ni mila yetu na hata sheria ya nchi inaitambua.

---

Sahani ya Kisauni, saa 2:50 usiku

Pole sana mwanangu. Nimesoma hapa Mombasa nimecheka na kusikitika. Lakini kosa umelitia wewe, yule baba alifanya ya haki kabisa. Sahani hairudi tupu! Mimi Ramadhani natoa sahani saba kwa majirani, kaimati, mkate wa sinia, siku nyengine viazi vya karai. Zarudi na tambi, na ndizi mbivu za nazi, jirani yangu Mkamba Mkristo yeye hunirudishia maembe. Na siku ya Krismasi yeye ndiye huanza, mimi hurudisha. Asiye na kitu hutia hata ndimu mbili au sukari kidogo. Sasa wewe jogoo kukuumiza roho ni kwa nini? Ulitaka akae na sahani yako?

---

MamaRimu, saa 3:05 usiku

Mama shikamoo. Hao si majirani zangu, ni watu wa ofisi za wateja. Jirani namletea leo, kesho ananiletea, mtondogoo tumesahau nani alianza. Huyu mhasibu chakula changu angekirudisha kwa kitu gani? Alichokuwa nacho cha kunipa ni oda, na oda si yake.

---

Sahani ya Kisauni, saa 3:12 usiku

Marahaba. Haya hapo nimekufahamu. Kumbe sahani yako ilikuwa ikingojea kurudi na kitu cha mwenye shule.

---

Mzee wa Stoo, saa 3:40 usiku

Mama wa Mombasa kamaliza maneno, lakini nitaongeza, maana nimekaa upande wa pili wa meza hiyo miaka 27. Nilikuwa afisa ugavi kwenye taasisi ya umma, nimestaafu.

Kwanza nimsahihishe Chuma cha Pua. Takrima ni kweli iliwahi kuingizwa kwenye sheria, lakini ilikuwa sheria ya uchaguzi, mwaka 2000, ikawaruhusu wagombea kukirimu wapiga kura kwa jina la mila. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, baada ya mashirika ya haki za binadamu na ya mazingira kwenda kuishitaki. Hoja kubwa ilikuwa kwamba inambeba mwenye nacho dhidi ya asiye nacho, na kwamba ukiiruhusu hakuna atakayeweza kuonyesha mstari kati ya ukarimu na hongo unapita wapi. Kwa hiyo ukiitumia takrima kama kinga, umeshika ngao iliyotobolewa miaka 18 iliyopita.

Sasa nikupe kisa, dada. Tulitangaza kununua samani. Siku mbili kabla ya kufungua bei, mwuzaji mmoja, kijana mzuri tu ambaye tumefanya naye kazi, analeta mchele na katoni mbili za soda, "za sikukuu, mzee". Sikuweza kumfukuza mbele ya watu. Nikaviandika kwenye daftari la zawadi, nikampeleka bosi aone, soda zikanywewa na ofisi nzima, mchele ukaenda kwa wahudumu. Tukafungua bahasha. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko wote, na sampuli yake nzuri. Tukampa, alistahili. Na mpaka leo pale ofisini ukitaja zile meza watu wanasema "zile za mchele".

Ndilo ambalo wauzaji hawalioni. Kijana yule alikuwa ameshinda kwa haki, akajichafulia ushindi wake kwa mchele wa elfu 40. Kosa halikuwa mchele. Angeleta ule ule mwezi mmoja baada ya samani kupokelewa na kulipwa, asingepata jina hilo.

Kwa hiyo, dada, kabla ya kuuliza upunguze kiasi gani, tazama orodha yako ya 24 na ujiulize ni nani kati yao ana uamuzi juu yako mezani sasa hivi, au atakuwa nao ndani ya mwezi au miwili. Shule zinanunua za muhula Januari. Wewe unagawa mapema Desemba. Hata kama hukukusudia, kalenda inakusemea.

---

Getini Saa 24, saa 4:02 usiku

Mimi ni mlinzi. Naona makapu yanavyopita. Msimu wa sikukuu nasimamisha bodaboda hata kumi kwa siku, za bosi, za mhasibu, za sekretari. Sisi tunaobeba maboksi ya rimu kutoka kwenye gari kupandisha ghorofa ya tatu tunaambiwa "fungua geti". Mwaka jana mleta maji alinipa soda na buku mbili, namkumbuka mpaka leo, gari lake halikai foleni getini kwangu. Sisemi kwa ubaya. Ila MamaRimu kama unapunguza, usipunguze kwa wa chini.

---

Chuma cha Pua, saa 4:10 usiku

Umeona? Hata mlinzi kasema gari halikai foleni. Ndiyo dunia hiyo, mengine ni mahubiri.

---

Getini Saa 24, saa 4:14 usiku

Usinilishe maneno. Nimesema namkumbuka. Foleni hakai kwa sababu anakuja saa kumi na mbili asubuhi hakuna gari.

---

Mchapa Kalenda, Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Asubuhi njema. Natangaza maslahi: nachapa kalenda, kwa hiyo sina ushahidi huru hapa. Lakini nimechapa za watu kwa miaka mingi na kuna jambo naliona.

Kalenda ya ukutani haina mwenyewe. Ikifika ofisini inagongwa ukutani, kila mtu anaitazama, hakuna anayeenda nayo nyumbani akajiona ana deni. Mchele unaenda jikoni kwa mtu mmoja na mke wake anauliza umetoka wapi. Ndiyo maana ofisi nyingi ambazo zinakataza zawadi hazisemi kitu kuhusu kalenda na peni zenye nembo.

Ila msizilete kwangu Desemba tarehe 18 mkitaka ziwe tayari keshokutwa. Oda iingie Oktoba, ikizidi sana wiki ya pili ya Novemba, na sampuli uikague kwa jicho lako mwenyewe. Kuna mteja aliandika Idi kwa tarehe moja ya uhakika, bila yale maneno "kutegemea mwandamo wa mwezi". Mwezi ukaandama siku nyingine, shule ikafunga siku siyo, na aliyelaumiwa ni kalenda. Nakala mia tano zile.

Halafu mambo ya salamu. Wengi mnatuma ile orodha ya matangazo ya wasapu mkidhani mmesalimia watu 200. Ujumbe ule unamfikia aliyehifadhi namba yako tu. Ambaye hajaihifadhi hapati kitu, na wewe hujui. Na aliyepata anajua ni wa kusambaza, kwa sababu umemwandikia "mpendwa mteja" na unamjua jina miaka mitano.

---

MamaRimu, saa 2:05 asubuhi

Mchapa Kalenda hilo la wasapu sikulijua kabisa. Nilikuwa najiona nimesalimia Dar nzima.

Na kuna aibu nyingine sijawahi kuisema. Mwaka juzi nilituma "Krismasi njema" kwa wote kwa mpigo, wamo matroni wawili wa shule ya Kiislamu. Mmoja akajibu "asante, na wewe". Mwingine hakujibu, mpaka leo sijui aliudhika au hakuona.

Mzee wa Stoo shikamoo. Nimekaa na orodha usiku. Watu 24. Wateja wangu wawili wakubwa kuliko wote hawamo, kwa sababu mmoja ni shirika la nje, waliniambia mapema kwa barua kwamba hawapokei, na mwingine mhasibu wake alinirudishia mfuko kwa mkono wake 2021. Hao wawili ndio wanaonilipa vizuri. Na kati ya hao 24, saba hawajanunua kitu mwaka huu. Saba! Nimekuwa nikilisha watu ambao si wateja tena, na hakuna hata mmoja aliyeniambia.

---

Mzee wa Stoo, saa 2:30 asubuhi

Marahaba. Hao saba ndio wale wa "nipo kikaoni". Yule wa jogoo hayuko peke yake.

Unauliza ufanyeje. Nakuambia ningefanya nini mimi, si sheria.

Nisingeacha kimya kimya. Ukikata ghafla Desemba, kila mmoja ataamini amekatwa yeye, atatafuta kosa lake, na wengine watalisema kwa wenzao. Ningewaambia mapema, mwezi huu huu, wakati hakuna anayesubiri kitu mlangoni. Na ningewaambia wote kwa siku moja, maneno yale yale, ili wakiulizana wakute yanafanana.

Kisha ningehamisha zawadi kutoka kwa mtu kwenda kwa ofisi. Kitu cha kuliwa pamoja siku hiyo hiyo, kiishe. Kilo moja ya tende au katoni ya soda kwa ofisi nzima, ipokelewe mapokezi mchana kweupe, pamoja na karatasi ya delivari kama mzigo mwingine wowote, hata aliyeko getini apate. Ukimwona mpokeaji anatazama mlango kabla ya kukushukuru, ujue umeshapita kiasi, hata kiwe cha elfu tano.

Ningeihamisha pia kutoka Desemba. Peleka mwezi wa Machi, baada ya kulipwa za muhula. Hakuna anayetegemea kitu mwezi wa Machi, na hakuna la kuamuliwa.

Na pesa kwenye simu usitume kabisa, hata ya vocha. Wewe unaona ni soda tu. Kwenye taarifa ya simu yake inasomeka jina lako, kiasi na tarehe, na siku ya ukaguzi hakuna atakayeandika pembeni kwamba ilikuwa sikukuu.

---

Tai Legevu, saa 2:48 asubuhi

Nachangia kutoka Nairobi. Kwetu iko rahisi, mtumishi wa umma zawadi isiyozidi elfu ishirini za Kenya anaruhusiwa, so ukikaa chini ya hapo hakuna story. Nyinyi huko si muweke tu kiwango?

---

Mzee wa Stoo, saa 3:10 asubuhi

Tai Legevu, nusu ya hilo ni kweli. Kiwango kiliwekwa kwenye kanuni zenu za 2015, lakini soma na sheria mama, ile ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, kifungu cha 14. Inamkataza ofisa wa serikali kupokea kutoka kwa mtu mwenye mkataba na taasisi ya ofisa huyo, au mwenye maslahi yanayogusana na kazi ya ofisa huyo. Haitaji shilingi hapo. Elfu ishirini ni ya mgeni anayekuletea kinyago kwenye sherehe. Anayekuuzia rimu hayumo, hata akileta peni.

Na huyu dada wateja wake ni wa binafsi karibu wote. Hapo kinachotawala ni utaratibu wa kila shule, na nyingi hazijauandika. Ingawa sheria yetu ya kuzuia rushwa ya 2007 haiishii kwa watumishi wa serikali, inamgusa na mwajiriwa wa mtu binafsi anayepokea kitu ili afanye au asifanye jambo la mwajiri wake. Watu wengi wanadhani TAKUKURU ni ya ofisi za umma tu.

---

Tai Legevu, saa 3:15 asubuhi

Sawa mzee. Nimekubali nimefunzwa.

---

Karani wa Pili, saa 6:40 mchana

Mimi huwa nasoma tu, leo nimeingia. Niko upande wa wanaopokea, shule ya binafsi, mkoa siutaji.

Mnaongea kama sisi tunakaa tukisubiri makapu. Wapo, sikatai. Ila mwaka jana nililetewa kapu na mwuza sare. Sikuliomba. Kaja mbele ya wenzangu, kaliweka mezani kwangu, kapiga na picha ya stetasi! Jina la shule yetu linaonekana nyuma. Ningekataa, ningemwaibisha. Nikapokea, jioni mkuu wa shule ananiuliza kwa utani, "naona umevuna". Utani ule nimeubeba mpaka leo. Aprili sare zikaja mishono imeachia mabegani, na mimi ndiye ninayekagua. Mnajua nilikaa siku ngapi kabla ya kumwandikia barua ya kurudisha mzigo? Siku tisa. Kwa kawaida naandika siku ile ile.

Kwa hiyo MamaRimu, yule mhasibu wako hakukuficha kwa ubaya. Unapokuwa na cha mtu tumboni ulimi unakuwa mzito. Mimi ningependa mwuzaji aniandikie ujumbe mmoja tu, "asante kwa kunijulisha mapema ile oda ya Julai ilipobadilika". Huo ningeutunza.

---

Chuma cha Pua, saa 7:05 mchana

Haya, mmenipunguzia ukali. Ila bado nasema, akiwatangazia kwamba anapunguza, mitaani watasema duka linakufa. Mwuzaji akishasemwa hivyo, hata waliokuwa wanakopeshana naye wanaanza kudai. Hilo mzee hujalijibu.

---

Mzee wa Stoo, saa 7:30 mchana

Ni kweli, sijalijibu. Mimi nilikuwa na mshahara mwisho wa mwezi, sijawahi kuuza duka. Hapo wafanyabiashara wamwambie.

---

Mchapa Kalenda, saa 8:00 mchana

Mimi nilipunguza 2019, na ndiyo, wawili walieneza kwamba nimefilisika. Mmoja wa jumla akanitaka nilipe karatasi taslimu kwa miezi miwili. Halafu yakapita. Siwezi kusema kwako yatapita, inategemea unadaiwa kiasi gani na nani.

---

MamaRimu, Jumapili, saa 1:45 usiku

Nimerudi na mrejesho. Sikutaja sababu za pesa. Nimewaandikia mmoja mmoja kwa jina, kazi ya jioni tatu, kila ujumbe ukianza na jambo moja la kweli kati yangu na yeye, kisha sehemu inayofanana kwa wote. Naweka ya mmoja hapa nimeondoa jina:

"Habari za jioni. Nakushukuru kwa siku ile ya tona zilizokosewa, ulivyonipigia badala ya kuzirudisha kimya kimya. Kuanzia mwaka huu zawadi za sikukuu za mtu mmoja mmoja nimezisimamisha kwa wateja wote. Ofisi yenu nitawaletea kalenda mwishoni mwa Novemba, na mwezi wa tatu nitapita na tende za kunywea chai pamoja. Usinirudishie kitu, tafadhali. Ukiona huduma yangu ina kasoro niambie, hiyo ndiyo zawadi yangu."

Ile sentensi ya mwisho mwanangu alisema niitoe, inanukia matangazo. Niliiacha kwa baadhi, nikaitoa kwa wengine.

Watu 24: 15 wamejibu vizuri. Wanne wameona, kimya. Mmoja, yule wa mafuta madogo, kaandika "sawa bosi" na siipendi hiyo "sawa bosi". Watatu simu hazipatikani, naona walishaacha kazi, maana yake mwaka jana nililisha watu ambao hata hawapo kwenye hizo ofisi.

Aliyebaki ni mhasibu wa Mbagala. Kapiga simu badala ya kuandika. Tumeongea kama dakika 20, ya watoto, ya mishahara, bado wanadai. Mwishoni akaniambia kwamba yule shemeji wa mwenye shule analeta rimu za gramu 70 kwa bei ya 80, wameligundua baada ya printa kukwama kwama, na mwenye shule ameanza kunung'unika. Hakuniahidi kitu. Akasema, "nimeona nikwambie tu".

Halafu kaniuliza yule jogoo tulimla au tunaye. Nikamwambia yupo, amekuwa baba wa banda, anawika saa tisa usiku mpaka jirani amelalamika.

---

Getini Saa 24, Jumapili, saa 2:10 usiku

Na getini je, umetuandikia?

---

MamaRimu, saa 2:14 usiku

Soda zako ziko kwenye bajeti ya mwezi wa tatu, kaka. Taja geti.

---

Getini Saa 24, saa 2:20 usiku

Silitaji humu, bosi wangu naye ni mwanajukwaa.

---

Sahani ya Kisauni, saa 2:41 usiku

Huyo jogoo mwanangu usimchinje. Lakini mpelekee yule baba vifaranga, wa uzao wake.

---

Mzee wa Stoo, saa 2:50 usiku

Mama, tunaanza tena?